Nywila zilizopigwa SHA-256 na kutiwa chumvi: je, hilo linatosha kwa mfumo wa chama chetu?

MwangaKwetu (Kigoma)

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaomba mnisaidie kumaliza ubishi uliodumu wiki nzima ofisini kwetu. Mimi ndiye niliyeunda mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Mwanga, Kigoma, chenye wanachama wapatao 3,200, wengi wao wavuvi, wachuuzi wa dagaa na wauza mawese, ambao huingia kwa simu kuangalia salio na kuomba mikopo midogo. Nywila zao sijazihifadhi wazi. Kila mwanachama ana chumvi yake, inayotokana na baiti 16 za kubahatisha, na nywila hupigwa heshi pamoja na chumvi hiyo, yaani hugeuzwa kwa hesabu ya SHA-256 kuwa maandishi yasiyosomeka, namna hii:

```php
$chumvi = bin2hex(random_bytes(16));
$heshi  = hash('sha256', $chumvi . $nywila);
```

Kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo ameniambia, mbele ya meneja, kwamba jedwali hili likiibwa nywila nyingi zitajulikana siku hiyohiyo. Mimi ninaamini kwamba SHA-256 haijavunjwa na mtu yeyote, na kwamba chumvi imeondoa udhaifu uliokuwa umebaki. Naomba anayelifahamu jambo hili alipime kwa hoja, wala asinionee haya kwa kuwa nimeomba msaada hadharani.

Kibirizi_Bandarini (Kigoma)

Ndugu yangu, usisumbuliwe na vijana. Heshi ni njia ya kwenda tu, haina njia ya kurudi, na hata ukimpa mtu kompyuta za dunia nzima hawezi kuichukua heshi akairudisha kuwa nywila. Kosa ninaloliona kwako ni moja tu, nalo ni kuiweka chumvi kwenye mstari uleule uliobeba heshi. Mwizi akilibeba jedwali, amebeba kufuli pamoja na ufunguo wake. Ihamishie chumvi kwenye faili lililofichwa, nawe utalala usingizi.

Bi_Nyuki (Tabora)

Kibirizi, nusu ya kwanza ya maneno yako ni kweli, lakini haimsaidii mwenzetu, kwa sababu mwizi wa nywila hana haja ya kuirudisha heshi nyuma. Yeye huenda mbele kama unavyokwenda wewe mwenyewe mwanachama anapoingia: anachukua neno analolidhania, analiunganisha na chumvi aliyoikuta kwenye mstari, anapiga SHA-256, kisha analinganisha. Likilingana, ameipata nywila. Lisipolingana, anajaribu neno linalofuata. Kwa hiyo swali la kuuliza ni jaribio moja linamgharimu mwizi kiasi gani, maana kuvunjika au kutovunjika kwa SHA-256 hakuhusiani na kazi anayoifanya.

Chumvi ina kazi mbili, na inazifanya vizuri. Kwanza, inamzuia mwizi asije na majedwali aliyoyakokotoa nyumbani mapema, kwa kuwa hakuijua chumvi yako kabla ya kuiba. Pili, watu wawili wenye nywila moja hawaonekani kuwa na heshi moja, hivyo inambidi amshughulikie kila mwanachama peke yake. Kazi hizo zote mbili zinafanyika hata kama chumvi inaonekana, na ndiyo maana `password_hash` ya PHP huiandika chumvi wazi ndani ya matokeo yake. Bwana MwangaKwetu hajakosea kuiweka pale alipoiweka. Amekosea kuidai kazi ya tatu ambayo chumvi haikupewa, yaani kulifanya kila jaribio kuwa ghali.

Tuangalie sasa gharama hiyo. SHA-256 iliundwa iwe nyepesi, ili faili kubwa likaguliwe upesi. Kwa vipimo vilivyochapishwa vya hashcat, programu ya kukisia nywila, kadi moja ya michoro aina ya RTX 4090, kadi ambayo vijana huinunua kwa ajili ya michezo, hupiga SHA-256 takriban bilioni 22 kwa sekunde. Nimeishi na wateja wa vyama kwa miaka kadhaa, na ninajua nywila inayopendwa na wengi wao ni namba ya simu. Namba za simu za mkononi za nchi yetu zinaanza na 06 au 07 na kufuatiwa na tarakimu nane, kwa hiyo zote kwa ujumla haziwezi kuzidi milioni 200. Gawanya milioni 200 kwa bilioni 22, utapata chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Huo ndio muda wa kuzijaribu namba zote za Tanzania dhidi ya mwanachama mmoja. Chumvi inamlazimisha mwizi kurudia kazi hiyo mara 3,200, jambo ambalo lingekuwa zito kama kila mara lingechukua siku. Hapa, wanachama wote wanamalizika ndani ya nusu dakika.

Tuseme mwanachama mwingine amechagua herufi ndogo nane zisizo na maana yoyote. Michanganyiko ya namna hiyo ni takriban bilioni 209, na kadi ileile huimaliza kwa sekunde kumi hivi. Sioni jinsi ya kuiita hiyo "salama vya kutosha", na huyo kijana wenu mpeni kiti akae.

Mwalimu_Kaliua (Tabora)

Nashukuru kwa mada hii, kwa sababu inanigusa. Katika shule ninayofundisha tuna mfumo mdogo wa kuingiza alama za wanafunzi, na walimu kila muhula wanasahau nywila zao. Aliyetuundia mfumo amehama, na ninaona kwenye jedwali maandishi marefu yasiyosomeka. Je, kwa kuwa Bi Nyuki anasema nywila zinapatikana kwa sekunde, ni amri gani niiandike ili nimsomee mwalimu nywila yake ya zamani badala ya kumsumbua atengeneze mpya?

Bi_Nyuki (Tabora)

Mwalimu, heshima yako, lakini ombi hilo sitalijibu kwa amri. Mweke mwalimu nywila ya muda na umlazimishe aibadilishe anapoingia. Nywila yake ya zamani huenda ndiyo anayoitumia kwenye barua pepe yake, na si haki wewe au mimi kuijua.

Kibirizi_Bandarini (Kigoma)

Nimeyapokea kuhusu chumvi, Bi Nyuki. Lakini basi dawa ni rahisi. Aizungushe SHA-256 hiyohiyo mara 1,000 na kazi ya mwizi itakuwa nzito mara 1,000. Hakuna haja ya kuleta maktaba mpya kwenye mfumo unaofanya kazi.

Bi_Nyuki (Tabora)

Wazo lako ni sahihi kwa mwelekeo na limepungua kwa kiasi. Mizunguko 1,000 inambakizia mwizi majaribio milioni 22 kwa sekunde, na namba zote za simu zinamchukua kama sekunde tisa kwa kila mwanachama. Utaratibu rasmi uliojengwa juu ya wazo hilo unaitwa PBKDF2, na kwa HMAC-SHA256 mwongozo wa OWASP, jumuiya ya usalama wa programu za mtandaoni, unapendekeza mizunguko 600,000. Tena ni bora kuutumia ulivyo kuliko kuandika kitanzi chako mwenyewe, ambamo ni rahisi kukosea.

Ipo na sababu nyingine ya kuihama SHA-256 kwa kazi hii. Kadi ya michoro ina nguvu kwa kuwa inaendesha maelfu ya hesabu ndogo kwa pamoja. Ukiipa hesabu ambayo kila moja inadai kumbukumbu yake ya kuandikwa na kusomwa tena na tena, faida hiyo inapungua sana. bcrypt, iliyotolewa na Niels Provos na David Mazières mwaka 1999, inadai kilobaiti nne hivi kwa kila hesabu. Argon2, iliyoshinda shindano la heshi za nywila mwaka 2015, inaweza kudai megabaiti nyingi kadiri utakavyoipangia. Kwa mfumo wa PHP ulio kwenye seva ndogo, mimi ningeanza na bcrypt kwa sababu ipo tayari.

Gharama ya bcrypt hupangwa kwa namba, na kila ukiongeza moja kazi inakuwa maradufu. Kadi ileile ya RTX 4090 hufanya bcrypt ya gharama 5 takriban 184,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwa gharama 12 inabaki na kama 1,400. Rudia sasa hesabu za mwanzo. Herufi ndogo nane, ambazo zilikuwa kazi ya sekunde kumi, zinakuwa kazi ya miaka minne na nusu kwa mwanachama mmoja. Namba zote za simu zinakuwa kazi ya saa 39 hivi kwa mmoja, na hapo ndipo chumvi inapoonyesha thamani yake, kwa sababu saa 39 zikizidishwa kwa wanachama 3,200 zinafika miaka 14.

Kwa anayependa historia, Robert Morris na Ken Thompson, walipoeleza ulinzi wa nywila za Unix mwaka 1979, waliweka mambo hayo mawili pamoja: chumvi ya biti 12, na hesabu ya DES iliyorudiwa mara 25 kwa makusudi ili iwe ya polepole. Wengi wetu tumeirithi chumvi na kuusahau upolepole.

MwangaKwetu (Kigoma)

Bi Nyuki, hesabu zako nimezifuata kwa kalamu na sikuona pa kupinga, isipokuwa jambo moja lililonikaa moyoni. Umesema mwizi atajaribu namba zote milioni 200. Lakini jedwali langu lina safu ya namba ya simu ya kila mwanachama, kwa kuwa ndiyo anayoingilia. Mwizi hana haja ya kujaribu milioni 200. Atajaribu moja.

Leo asubuhi nimeandika programu fupi kwenye laptopu yangu, ambayo kwa kila mstari inachukua namba ya simu iliyo kwenye mstari huohuo, kwa maumbo mawili, lile linaloanza na sifuri na lile linaloanza na 255, inaiunganisha na chumvi, inapiga SHA-256 na kulinganisha. Niliamuru itoe idadi tu, isionyeshe jina wala namba. Nilibonyeza kitufe nikanyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai, na kabla sijakifikisha mdomoni jibu lilikuwa limetoka: wanachama 1,104. Ni zaidi ya theluthi moja, kwa laptopu isiyo na kadi yoyote ya maana.

Nilishuka kaunta nikasimama pembeni wakati karani akimsajili mama mmoja aliyetoka Ujiji. Alipofika mahali pa nywila, karani alimwambia kwa upole kabisa, "Mama, tuweke namba yako ya simu, usije ukaisahau." Sikuweza kumlaumu, kwani sijawahi kumwelekeza vinginevyo, na mfumo wangu unaikubali.

WakalaUrambo (Tabora)

Poleni kwa hayo. Mimi mambo yangu niliyamaliza mapema. Ninahudumia mfumo wa kupokelea tumbaku kwenye kituo kimoja cha ununuzi huku kwetu, ambapo kila mkulima huthibitisha uzito wa mzigo wake kwa namba ya siri ya tarakimu nne kwenye kishikwambi. Namba hizo nimezipiga bcrypt ya gharama 12, kila moja na chumvi yake. Kwa maelezo ya Bi Nyuki, mimi niko salama kwa miaka mingi.

Bi_Nyuki (Tabora)

MwangaKwetu, hapo umenizidi, na ninakubali. Kwa wanachama hao 1,104 bcrypt haitakusaidia chochote, maana jaribio moja ni jaribio moja hata likichukua sekunde nzima. Dawa yake iko kwenye fomu ya usajili: mfumo uikatae nywila iliyo sawa na namba ya simu, kwa maumbo yote mawili, na ukatae pia orodha ya zile zinazojulikana kwa wingi wake, kama 123456.

Ndugu Wakala, samahani kukuvunja moyo. Tarakimu nne zina michanganyiko 10,000 tu. Kwa majaribio 1,400 kwa sekunde, kila mkulima anamalizika kwa sekunde saba. Hata mtu asiye na kadi, mwenye laptopu inayochukua theluthi moja ya sekunde kwa kila jaribio, atammaliza mkulima mmoja kwa muda usiofika saa moja. Upolepole huzidishwa kwa idadi ya majaribio yanayohitajika, na idadi yenyewe ikiwa ndogo hakuna cha kuzidisha.

Kwa hali yako ndipo lile wazo la Kibirizi la kuficha kitu linapopata mahali pake, ingawa kinachofichwa si chumvi. Ni ufunguo mmoja wa siri wa mfumo mzima, mrefu na wa kubahatisha, usiokaa kwenye hifadhidata, unaochanganywa na namba ya siri kwa HMAC kabla ya bcrypt. Wengine huuita pilipili. Mwizi aliyechota jedwali tu, kwa mfano kupitia tundu la SQL kwenye ukurasa wa kutafuta, hana ufunguo huo na hawezi hata kuanza kujaribu. Aliyeichukua seva yote, ameuchukua na ufunguo.

WakalaUrambo (Tabora)

Hifadhidata yangu imo ndani ya kishikwambi chenyewe, kwa sababu kituoni mtandao huja na kuondoka. Ufunguo nikiuweka, utakaa kwenye kishikwambi hichohicho. Kikiibwa, vyote vimeibwa. Kuwapa wakulima namba ndefu zaidi nimejaribu msimu uliopita, na foleni ilifika barabarani.

Bi_Nyuki (Tabora)

Kama ni hivyo, sina jibu safi. Baadhi ya vifaa vina sehemu ya kutunzia funguo ambayo programu huitumia bila kuweza kuutoa ufunguo nje, lakini inategemea kifaa chako na programu uliyotumia. Nitumie aina yake tuangalie.

Kibirizi_Bandarini (Kigoma)

Nina swali moja na pingamizi moja. Swali: je, basi SHA-256 tuitupe kabisa? Pingamizi: MwangaKwetu, hiyo programu yako ya kujaribu namba za wanachama umeiendesha kwa ruhusa ya nani? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mimi ningekuwa mwanachama nisingefurahi kusikia kwamba fundi amenijaribu.

MwangaKwetu (Kigoma)

Meneja alikuwa anajua kwa mdomo, na baada ya maneno yako nimemwomba aandike. Laptopu ilikuwa ya ofisi na matokeo yalikuwa idadi tu. Hata hivyo ninakiri kwamba ningepaswa kuomba maandishi kabla, si baada.

Bi_Nyuki (Tabora)

SHA-256 haina kosa. Kama unatunza heshi ya tokeni ya kubadilishia nywila, ambayo kompyuta yenyewe imeizalisha kwa biti 128 za kubahatisha, SHA-256 moja inatosha, hata bila chumvi, kwa sababu hakuna kadi itakayomaliza michanganyiko hiyo. Udhaifu umo kwenye maneno yanayochaguliwa na binadamu.

Sasa kuhama. Usingoje wanachama waingie mmoja mmoja, maana wapo wanaoingia mara moja kwa mwaka. Chukua heshi uliyonayo sasa na uifunike kwa bcrypt usiku mmoja:

```php
$mpya = password_hash($heshi, PASSWORD_BCRYPT, ['cost' => 11]);
```

Mwanachama akiingia, piga kwanza SHA-256 kwa chumvi yake ya zamani, kisha mpe `password_verify` matokeo hayo. Akifanikiwa, hapo unayo nywila yake kwa sekunde hiyo, kwa hiyo ipige bcrypt moja kwa moja, uandike kwenye safu ya pembeni kwamba mstari huu umehama, na ufute chumvi ya zamani. Jihadhari na jambo moja. Heshi unayoifunika ibaki kwenye maandishi ya heksi yenye herufi 64, kama ilivyo sasa. Usiigeuze kuwa baiti ghafi, kwa kuwa bcrypt inaweza kukatisha inapokutana na baiti ya sifuri, na pia haisomi zaidi ya baiti 72.

Kuhusu gharama, PHP 8.4 imeipandisha ya kawaida kutoka 10 hadi 12. Pima kwenye seva yako mwenyewe.

MwangaKwetu (Kigoma)

Nimepima. Seva tunayokodi ni ndogo, na gharama 10 inachukua sekunde 0.08, 11 inachukua 0.16, na 12 inachukua 0.32. Kijana wa mafunzo alitaka 12. Mimi nilihofia Jumatatu asubuhi, ambapo watu wengi huingia kwa pamoja kabla ya mikopo kutolewa, na kwenye kiini kimoja cha seva sekunde 0.32 maana yake ni watu watatu tu kwa sekunde. Tumekubaliana 11 kwa sasa, pamoja na kuzuia majaribio mengi kutoka sehemu moja, ili mtu asiiangushe seva kwa kubonyeza kitufe cha kuingia mfululizo. Yeye bado ananung'unika.

Kufunika heshi zote 3,200 kulichukua dakika tisa kasoro, usiku wa kuamkia leo, na asubuhi hakuna mwanachama aliyegundua kitu. Fomu ya usajili sasa inakataa namba ya simu, na karani ameshaniita mara mbili kuniuliza kwa nini.

Kilichobaki kinaninyima raha. Kila mwisho wa mwezi nakala ya hifadhidata huwekwa kwenye flashi inayokaa kwenye droo ya meneja, na nakala nyingine humfikia kwa barua pepe. Ziko za tangu mwaka 2021, na zote zina SHA-256 za zamani. Kuifunika heshi ya leo hakujazigusa hizo.

Bi_Nyuki (Tabora)

Hakujazigusa, na kwa asiyebadilisha nywila, flashi ile ni sawa na jedwali la jana. Zifute safu za heshi kwenye nakala hizo, au uzifunge kwa ufunguo, na zile za barua pepe zihesabu kuwa zimeshatoka mkononi. Maana yake ni kwamba wanachama wote wabadilishe nywila, wakianza na wale 1,104.

MwangaKwetu (Kigoma)

Nimempelekea meneja pendekezo hilo kwa maandishi. Amesema giza la mwezi limeingia, wavuvi wa dagaa wako ziwani kila usiku na mchana wanalala, na mtu akizuiwa kuingia huko majini atafika kaunta akiwa amekasirika. Anataka tungoje mbalamwezi, wakiwa nchi kavu. Kijana anasema wiki mbili ni nyingi mno. Flashi nimeichukua kutoka kwenye droo, ila barua pepe za meneja sina ruhusa ya kuzigusa.